Kanzidata ya mwaloni Nansio na nakala ya sevani: data yote, CSV ya tarehe, au jedwali la mabadiliko?

GatiNansio

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu walioifanya kazi hii kwa mikono yao.

Kituo chetu cha kupokea sangara hapa Nansio kinatumia laptopu moja yenye SQLite. Majedwali ni matatu: `wavuvi`, `mapokezi` (kila mzani unaopimwa unaingia hapo) na `malipo`. Ofisi iko Mwanza mjini na inasoma ripoti kutoka kwenye nakala iliyo kwenye seva ya kukodi, ambayo ni MySQL. Mtandao wa huku hautabiriki, kwa hiyo mabadiliko yatatoka kama faili. Yakikubali kwenda kwa bando, sawa. Yakigoma, fleshi inapanda meli ya Mwanza. Hilo limeshaamuliwa.

Kinachonipa shida ni namna ya kulitengeneza hilo faili.

Njia ya kwanza ni kutoa data yote kila jioni, wao wakafuta ya jana na kujaza upya. Haina ujanja wowote, lakini faili linanenepa kila wiki, na wakati linaingizwa ripoti za ofisi zinakuwa tupu.

Njia ya pili ni kuweka safu ya `ilibadilishwa` kwenye kila jedwali, kisha natoa CSV ya rekodi zilizoguswa tangu mara ya mwisho.

Njia ya tatu ni triga zinazoandika kila badiliko kwenye jedwali la pembeni, lenye namba zinazofuatana, nami natoa kwa kufuata namba.

Naegemea ya pili kwa sababu ni nyepesi. Kuna anayeona shimo?

Jembe_Igoma

Mkuu unajisumbua. SQLite yote ni faili moja. Jioni unanakili hilo faili la `.db`, unalituma, basi. Mimi nimefanya hivyo miaka na halijanigomea.

BintiKirumba

Kaka Jembe, ni kweli ni faili moja, ila programu ikiwa wazi si lazima liwe moja. Kama kanzidata iko kwenye hali ya WAL, maandishi mapya yanakaa kwanza kwenye faili la pili linaloishia na `-wal`. Ukinakili `.db` peke yake unaweza kuondoka bila mizani ya mchana huo, na nakala itafunguka vizuri tu bila kulalamika, ndiyo maana mtu hashtuki. Anayetaka nakala nzima aiombe SQLite yenyewe:

```sql
VACUUM INTO 'nansio_nakala.db';
```

Amri hiyo ipo tangu toleo 3.27 la mwaka 2019. Lakini hata hivyo ofisini kuna MySQL, hawezi kuiwekea faili la SQLite ikalisoma.

GatiNansio, ngoja nikujibu ya pili kwa kirefu, maana ndiyo inayowavuta wengi.

Shimo la kwanza ni kufuta. Karani akiingiza mzani mara mbili, kisha akafuta mmoja, rekodi iliyofutwa haina tarehe ya kubadilishwa, haipo kabisa. CSV yako haitaitaja, na kule mjini ule mzani wa ziada utabaki milele. Utaligundua siku kilo za ofisi zitakapozidi kilo za mwaloni, na hutajua ni zipi. Watu huziba hapo kwa safu ya `imefutwa` yenye 0 au 1, yaani hakuna anayefuta kweli. Inafanya kazi, mradi kila ripoti ikumbuke kuzichuja.

Shimo la pili ni saa. `datetime('now')` ya SQLite inaishia kwenye sekunde. Ukitoa faili saa 12:30:15 jioni, na karani akahifadhi mzani ndani ya sekunde hiyohiyo baada ya wewe kusoma, kesho ukiuliza "iliyozidi 12:30:15" huo mzani unarukwa. Ukiuliza "iliyozidi au sawa na" unaupata, ila na mingine inarudi mara ya pili, kwa hiyo upande wa kuingiza lazima uvumilie marudio.

Msafiri_Sengerema

Nakazia la saa. Nimehudumia laptopu ambayo betri ndogo ya ubao imekufa. Kila umeme ukikatika na betri kubwa ikiisha, inawaka na tarehe ya miaka ya nyuma kabisa. Mpaka mtu airekebishe, kila anachoandika kinapata tarehe ya zamani, na swali lako la "tangu jana" halikioni. Hakuna kosa linalotokea kwenye skrini. Kwa mwaloni ambako umeme ni wa kubahatisha, mimi nisingeamini tarehe hata kidogo.

DawaMusoma

Shikamooni wakubwa. Mimi nina duka la dawa Musoma, na kwa bakapu natumia Excel: natoa CSV, nafungua, nakagua, nahifadhi, natuma. Tatizo langu ni namba za simu za wateja, zikifika upande wa pili sifuri ya mwanzo imepotea. Ni nini hicho?

BintiKirumba

Marahaba mdogo wangu. Ni Excel hiyo. Ikifungua CSV inaona namba ya simu kama hesabu, inaitupa sifuri, na ukibonyeza kuhifadhi umeliharibu faili lenyewe. Ukitaka kulikagua, lifungue kwa Notepad, au kagua nakala na utume ile ambayo haijaguswa. GatiNansio naye hilo linamhusu, `wavuvi` wana simu. Ila yeye hatafuti bakapu, anataka pande mbili zifanane, na ni kazi nyingine kabisa.

GatiNansio

Nimeelewa, dada. La kufuta limenigusa, karani wetu hufuta mizani iliyokosewa karibu kila siku. Basi ya tatu ikoje kwa vitendo?

BintiKirumba

Jedwali la pembeni na triga tatu kwa kila jedwali: kuingiza, kubadilisha, kufuta. Nakuwekea moja, mbili nyingine zinafanana nayo ila zinatumia `NEW.id`:

```sql
CREATE TABLE mabadiliko (
  namba   INTEGER PRIMARY KEY AUTOINCREMENT,
  jedwali TEXT NOT NULL,
  rekodi  TEXT NOT NULL,
  tendo   TEXT NOT NULL
);
CREATE TRIGGER mapokezi_futa AFTER DELETE ON mapokezi
BEGIN
  INSERT INTO mabadiliko (jedwali, rekodi, tendo)
  VALUES ('mapokezi', OLD.id, 'futa');
END;
```

Usiliache neno `AUTOINCREMENT`. Siku utakapolisafisha jedwali hili likabaki tupu, bila neno hilo SQLite itaanza tena kuhesabu kutoka 1, na seva itadhani hayo ni mabadiliko ya zamani.

Sasa chukua jioni moja. Seva inasema namba ya mwisho iliyopokea kutoka Nansio ni 4120. Kwako jedwali limefika 4188. Unatoa 4121 hadi 4188 na faili linaitwa `nansio_4121_4188.csv`. Mzani mmoja umeingizwa kwa namba 4130, ukasahihishwa kilo kwa 4131, ukafutwa kwa 4140. Huhitaji kutuma yote matatu, tuma hali ya mwisho tu: futa. Ukibana hivyo, panga upya kabla ya kutoa: wavuvi wapya watangulie, mapokezi yafuate, malipo mwisho. Kwa kufuta ni kinyume chake. La sivyo MySQL itakataa mzani ambao mvuvi wake bado hajafika.

Upande wa seva, fungua muamala mmoja. Angalia kwanza: faili linaanzia 4121 na mimi niko 4120, vizuri. Likianzia 4160, kuna faili lililobaki njiani, likatae lote. Likiwa lote ni la zamani, liache, mtu ameingiza fleshi ileile mara ya pili. Ingiza, kisha andika 4188 kama namba ya mwisho ndani ya muamala huohuo, ndipo ufunge. Umeme ukikatika katikati, data na namba vinarudi nyuma pamoja. Hakikisha majedwali yako ni InnoDB, kwa sababu MyISAM haina miamala.

Na usifute chochote kwenye `mabadiliko` mpaka seva ikurudishie hiyo 4188. Kutuma si kupokelewa.

Jembe_Igoma

Sawa, hapo nimejifunza. Kwa kuingiza atumie `REPLACE INTO`, inamaliza yote: kama rekodi ipo inabadilisha, kama haipo inaongeza.

BintiKirumba

Hapana, tafadhali, hiyo imeshaumiza watu. `REPLACE` haibadilishi, inafuta rekodi ya zamani kisha inaingiza mpya. Kama `mapokezi` imefungwa kwa `wavuvi` kwa `ON DELETE CASCADE`, ukisahihisha simu ya mvuvi mmoja mizani yake yote inafutika sevani. Kuna mfumo nilikabidhiwa ukiwa hivyo: idadi ya wavuvi ililingana pande zote, huku mapokezi ya sevani yakipungua kidogokidogo. Atumie hii:

```sql
INSERT INTO wavuvi (id, jina, simu)
VALUES ('N-311', @jina, @simu)
ON DUPLICATE KEY UPDATE
  jina = @jina, simu = @simu;
```

Na hata kwenye SQLite asitumie `INSERT OR REPLACE` kwenye programu ya karani. Ufutaji unaotokea humo hauwashi triga za kufuta isipokuwa `recursive_triggers` imewashwa, kwa hiyo mizani inaweza kuondoka bila kuandikwa popote.

Msafiri_Sengerema

SQLite ina nyongeza yake ya "session" inayotoa faili la mabadiliko bila triga za kuandika kwa mkono. Ni nzuri, ila inadai kila jedwali liwe na ufunguo wa msingi uliotangazwa, na inayolisoma faili hilo ni SQLite nyingine. Kwa MySQL utalazimika kulitafsiri mwenyewe.

Ongeza ukaguzi wa kila wiki: endesha pande zote swali la idadi ya mizani na jumla ya gramu kwa kila siku. Nasema gramu kwa sababu namba kamili zinalingana sawasawa, kilo zenye desimali zinaweza kutofautiana mwishoni. Siku isiyolingana ndiyo unayoichimba.

GatiNansio

Basi naenda na ya tatu, na kila Jumapili nitaendesha ukaguzi huo. Limebaki moja. Ofisi nao wanataka kusahihisha majina na simu za wavuvi wakiwa mjini, na masahihisho yarudi huku kwa faili. Mimi na wao tukimgusa mvuvi mmoja siku moja?

Msafiri_Sengerema

Aliyeandika mwisho ndiye ashinde.

BintiKirumba

Mwisho kwa saa ya nani? Umetoka kutuambia saa ya laptopu haiaminiki. Mimi ningegawa umiliki: mapokezi ni ya Nansio, bei ni ya mjini, upande mwingine unasoma tu. Kwa `wavuvi` ningegawa kwa safu, simu iwe ya Nansio kwa sababu mvuvi yuko mbele yenu, jina ofisi kwa sababu wao ndio wanaolipa.

GatiNansio

Jina nalo tunalijua sisi zaidi, dada. Ofisi huandika la kwenye kitambulisho, mwaloni tunamwita jingine, na malipo yakitoka na jina lisilofahamika hapa watu wanagombana dirishani.

BintiKirumba

Basi hizo ni safu mbili, si moja. Ila angalia, faili la mjini likiingia Nansio triga zako zitaliandika kama badiliko jipya na kesho utalirudisha mjini. Weka jedwali dogo lenye alama, 1 wakati wa kuingiza faili, na kila triga iwe na `WHEN` ya kulikagua.

DawaMusoma

Notepad imekubali, sifuri zimerudi. Nami nataka hilo la namba, ila kwangu kuna maduka mawili yanayouza kwa wakati mmoja. Id zikigongana je?