Tupeane uzoefu: umekataliwa na shirika, nafasi imetangazwa tena. Unaomba tena au unaacha?

Mshika_Kalamu
Wakuu, uzi huu ni wa jambo moja tu. Shirika lilishakukataa, sasa limetangaza tena nafasi ileile au inayofanana nayo. Mtu aamueje kama arudi, na akirudi abadilishe nini? Ninaomba mwenye kujua aeleze hatua kwa hatua. Zile za "usikate tamaa" tumeshazisikia za kutosha.

Bi_Masijala
Kabla ya kugusa barua au wasifu, jua ulikataliwa hatua gani. Kila hatua ina dawa yake, na wengi wanatibu isiyowauma.

Jibu likija ndani ya saa chache, au hata kabla tangazo halijafungwa, mara nyingi hakuna mtu aliyekusoma. Umekatwa na maswali ya mwanzo ya fomu: una shahada, una miaka mingapi ya kazi, una kibali. Jibu likija wiki kadhaa baada ya tangazo kufungwa na hukuitwa, hapo uwezekano ni mkubwa kwamba wasifu wako ulisomwa, wengine wakaonekana kukaribia zaidi. Na kama uliitwa usaili ukaachwa, karatasi zako zilishafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye majibu ya mdomo, au aliyekuzidi alikuwa bora siku ile.

Huyu wa tatu ndiye anayejiumiza zaidi. Anaandika wasifu upya kutoka mwanzo, anafuta mistari ileile iliyomfikisha mbele ya jopo, safari ya pili haitwi kabisa.

Kipanga77
Mimi nasema fungua akaunti mpya kwa barua pepe nyingine. Ya zamani ina alama ya kukataliwa, wakiiona tu wanaruka.

Bi_Masijala
Ndugu Kipanga, umegusa kitu cha kweli lakini dawa uliyotoa ina madhara. Kweli mfumo unatunza maombi ya zamani. Lakini ipo mifumo inayolinganisha taarifa kama jina na namba ya simu, kwa hiyo akaunti mbili zikigundulika unaonekana unaficha jambo. Pia fomu nyingi zina swali "Uliwahi kuomba kazi kwetu?" Jibu ndiyo kama uliwahi. Kuomba mara mbili si kosa. Kudanganya ndiko kunakokuondoa, hata baada ya kuajiriwa.

Cha kuangalia kwenye akaunti ya zamani ni hiki: mara nyingi wasifu wa mwanzo bado umeambatishwa, na fomu hujijaza yenyewe majibu ya zamani. Unapakia wasifu mpya, lakini sehemu ya "kazi ya sasa" inabaki ile uliyoacha mwaka jana. Fungua kila ukurasa wa fomu, futa faili la zamani, soma kila kisanduku kabla ya kutuma.

DadaNeema_K
Samahani, mimi nilikosa chuo awamu ya kwanza. Naandika rufaa au naomba upya?

Mshika_Kalamu
Dada Neema, hapa tunaongelea ajira. Ila usichanganye hayo mawili: rufaa inadai uamuzi ule ulikosewa, na huwa na siku zake za mwisho. Kuomba upya ni kukubali uamuzi ule na kuleta hoja mpya. Soma barua uliyopewa uone kama rufaa inaruhusiwa.

Mzee_wa_Stoo
Nitoe mfano wa ugavi, ndiko ninakokufahamu. Tangazo linataka miaka 3 ya manunuzi. Mwombaji ana miezi 28 ya ajira, kwenye fomu akachagua "miaka 2", akakatwa. Miezi 5 baadaye nafasi imerudi. Sasa ana miezi 33, bado miaka 3 haijatimia. Lakini ana miezi 6 ya mafunzo kazini aliyofanya akiandaa hati za manunuzi. Ikihesabiwa inakuwa 39, amevuka. Isipohesabiwa hajavuka, na barua nzuri namna gani haitamsaidia.

Kwa hiyo asiombe kwa kubahatisha. Awaandikie rasilimali watu swali moja kabla ya tarehe ya mwisho: "Je, miezi ya mafunzo kazini inahesabika kwenye uzoefu wa miaka 3 uliotajwa?" Mashirika yanatofautiana. Yapo yanayohesabu yote, yapo yanayohesabu nusu, yapo yasiyohesabu. Wakikataa, akae miezi 3 aombe nafasi itakayofuata.

Tuseme wamekubali. Sasa wasifu. Mstari wa zamani ulisomeka: "Nilihusika na manunuzi ya ofisi." Msomaji hajui alikuwa anapeleka karatasi au anafanya uamuzi. Uandikwe: "Niliandaa manunuzi ya vifaa vya ofisi, wastani wa oda 40 kwa mwezi: kupokea ombi, kukusanya profoma 3, kuandaa jedwali la kulinganisha bei, kutoa oda, na kukagua mzigo ukifika stoo." Ni kazi ileile, hakuna alichoongeza. Amemwonyesha msomaji mkono wake ulifika wapi.

Na msibadilishe tarehe wala vyeo. Wasifu wa zamani na mpya vinaweza kufunguliwa pamoja. Mwanzo "msaidizi wa ugavi", sasa kazi ileile imekuwa "afisa ugavi", hapo umejifunga mwenyewe.

Juma_Mpole
Mimi kesi yangu niliachwa baada ya usaili, wakasema nimeshika nafasi ya pili. Nitaje kwenye barua mpya?

Bi_Masijala
Taja, kwa sentensi moja, kisha uendelee na kipya: "Nilifanyiwa usaili wa nafasi hii mwezi Machi, tangu hapo nimesimamia zabuni 2 kuanzia tangazo hadi mkataba." Usieleze uchungu wala usiwakumbushe kwamba karibu wakuchukue. Na waulize kama wana orodha ya akiba, maana yapo mashirika yanayoita wa pili bila kutangaza upya.

Kwa usaili wenyewe, andika leo maswali yote unayoyakumbuka. Pale ulipojibu "tulifanya", tafuta mfano ambao wewe ndiye uliyefanya. Jopo linatoa alama kwa kila swali, na "tulifanya" haiwaambii alama wampe nani.

Mzee_wa_Stoo
Hapo kwenye kutaja sikubaliani sana. Jopo likiwa jipya, unawapa habari ambayo hawakuwa nayo: kwamba wenzao walikuona wakamchagua mwingine. Fomu ikiuliza, jibu. Barua iache izungumzie kazi.

Bi_Masijala
Kwa aliyekatwa mapema, naafiki, asitaje. Kwa nafasi ya pili bado nasimama nilipo.

Kipanga77
Sawa, nimeelewa kuhusu akaunti. Je, kuuliza sababu ya kukataliwa kunasaidia, au wanakuona msumbufu?

Bi_Masijala
Ukiuliza ndani ya wiki moja na kwa swali linalojibika, wapo wanaojibu, hasa kama ulifika usaili. "Kwa nini mmenikataa?" linawafanya wajilinde. Uliza: "Katika vigezo vilivyotangazwa, ni kipi sikukifikia vya kutosha?" Wakijibu, lichukue tangazo jipya, ukitafute kigezo walichokitaja. Kama bado kimo na huna kipya cha kuonyesha juu yake, acha raundi hii. Angalia pia barua ya kukataliwa au masharti ya ukurasa wao wa ajira, kwa sababu yapo mashirika yanayoweka muda wa kungoja kabla ya kuomba tena nafasi ileile.

Juma_Mpole
Na jopo likiwa ni lilelile, mifano ya usaili niirudie au nilete mingine?