Mrejesho: alama za kidato cha pili kwenye picha ya skrini

Swali langu: "Nina picha ya jedwali la alama, darasa la wanafunzi 40. Wastani napata 56.4, mwenzangu 54.25. Nani kakosea?"

Jamani, nimekosea mimi. Kaka aliyesema nijumlishe kwanza idadi ya wanafunzi alinifumbua macho: 9 + 14 + 10 + 3 ni 36. Simu ilikata mstari wa juu, 30–39, wenye watoto 4. Nilimwomba mwenzangu wa Likoni anitumie picha nzima.

Nikazidisha kila idadi kwa alama ya katikati ya kundi lake (34.5, 44.5 na kuendelea). Jumla 2170, gawa kwa 40: 54.25.

Mediani ndiyo ilinisumbua. Mwanafunzi wa 20 yumo kwenye 50–59 yenye watoto 14, na chini yake wapo 13. Mpaka wa kundi ni 49.5, si 50:

```
49.5 + (20 - 13)/14 * 10 = 54.5
```

Mkengeuko sanifu ni 10.8 hivi. Yote haya ni makadirio, maana jedwali halionyeshi alama ya kila mtoto.