Tupeane uzoefu: simu imejaa, apu kubwa inagoma kuingia

Dogo wa Temeke
Wakuu, simu yangu ni ya GB 16. Nilikuwa nashusha gemu la mpira la GB 1.4 na nafasi iliyobaki ilikuwa MB 900. Nikapita apu moja moja nikibonyeza Clear cache, nikafika GB 1.5. Likashuka mpaka mwisho, halafu likakataa: nafasi haitoshi! Nyie mlifanyaje?

Fundi Kibanda
Gemu likishashuka, simu inahitaji nafasi nyingine ya kulifungua na kulipanga. Kwa GB 1.4 mimi huacha kama GB 3 wazi. Na Clear cache ni nafuu ya siku mbili tu, ukitumia apu uchafu unarudi. Mzigo wenyewe uko WhatsApp. Fungua Files, ingia `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`, halafu WhatsApp Video.

Mwana wa Pwani
Mnajisumbua. Bonyeza Clear storage, ni sekunde moja, kwisha habari.

Fundi Kibanda
Mkuu, kwa apu ya habari sawa, utaingia upya tu. Ukiifanya kwenye WhatsApp bila kuhifadhi nakala, meseji zote zimekwenda. Juzi nimeletewa simu ya namna hiyo, mama wa watu analia.

Mama Wawili
Mimi huwa nanunua bando la wiki, apu zinaingia vizuri tu.

Dogo wa Temeke
Mama, bando ninalo, nafasi ndiyo sina 😂

Bi Shangazi
Yalinikuta hayo. Nilitaka kuhamishia video za harusi kwenye memori kadi, nikashangaa simu bado imejaa. Kumbe nilibonyeza Copy to badala ya Move to, kila video ikawa mbili. Nikafuta za kwenye simu, bado! Zilikuwa zimelala kwenye Trash ya Files, zinakaa humo siku 30 usipozitoa mwenyewe.

Kijana Kahama
Kadi nazo muangalie. Niliuziwa ya GB 128 kwa bei ya chipsi yai. Picha za mwanzo nzima, zilizofuata zote kijivu, na za kwenye simu nilishafuta.

Fundi Kibanda
Ndiyo maana mimi nanakili kwanza, naichomoa kadi, nairudisha, nafungua faili za mwisho kabisa. Zikicheza ndipo nafuta za kwenye simu.

Dogo wa Temeke
Mrejesho: WhatsApp Video peke yake ilikuwa na GB 3.2! Nimehamisha, nimebaki na GB 4.7, gemu limeingia. Ila kwenye chati video za zamani hazifunguki tena, mpaka nizitafute kwenye kadi.

Fundi Kibanda
Ni kawaida, WhatsApp inazitafuta palepale ilipoziweka.

Bi Shangazi
Na gemu lenyewe haliwezi kuhamia kwenye kadi? Simu ya mwanangu ina kitufe cha Change, yangu haina.

Mwana wa Pwani
Yangu kipo, ila kwa apu mbili tu kati ya zote. Hapo sielewi.