Waliahidi tisa kumi na moja, mbona picha zangu 40,000 hazipo?

MpigaPicha_Moshi: Habari zenu wakuu. Nina studio hapa Moshi. Picha za harusi na kipaimara, kama 40,000, nilizipandisha kwenye hifadhi ya wingu inayotangaza uhakika wa 99.999999999%. Wiki iliyopita diski yangu ya nje ilikufa, nikaichomoa nikampelekea fundi. Leo bibi harusi kaja kuomba picha zake, nafungua wingu, tupu! Kila usiku kompyuta huendesha hii:

```
aws s3 sync /mnt/picha s3://studio-picha --delete
```

Nawadaije?

Kijana_wa_Majengo: Tisa kumi na moja maana yake huduma haizimiki hata sekunde moja kwa mwaka. Wamevunja mkataba, dai fidia.

Baba_Sakina: Mimi huku Arusha mtandao ukisumbua picha hazifunguki mpaka usiku. Jaribu laini nyingine kwanza.

FundiSeva: Pole sana ndugu. Baba Sakina, mtandao ukikatika angeona kosa la kuunganisha, si orodha tupu.

Kijana, fidia ipo, ila umechanganya ahadi mbili. Chukua Amazon S3 ya kawaida, maana namba zake ziko wazi. Tisa kumi na moja ni za data kutopotea kwa kuharibika kwa mitambo yao: kwa picha 40,000, ungetarajia kupoteza moja kwa miaka milioni 2.5. Kufunguka unapoihitaji ni hesabu nyingine, 99.99%, yaani kama dakika 53 za kuzimika kwa mwaka. Na mkataba wa fidia unaanzia chini ya 99.9% kwa mwezi, nao hukatwa kwenye bili tu. Februari 28, 2017 S3 ilizimika Virginia kwa saa kadhaa. Watu hawakuweza kufungua faili zao, lakini zilikuwepo.

Sasa yako. Diski ikichomolewa, folda ya /mnt/picha hubaki, tupu. Usiku amri ikaona folda tupu, na `--delete` maana yake futa kule kisichopo huku. Wingu limekutii. Tisa hazihesabu kilichofutwa kwa amri ya mwenyewe. Angalia kumbukumbu za usiku ule, utaona mistari inayoanza na `delete:`.

MpigaPicha_Moshi: Nimeiona. Maelfu, saa nane usiku. Zinarudi?

FundiSeva: Uliwahi kuwasha hii?

```
aws s3api put-bucket-versioning --bucket studio-picha \
  --versioning-configuration Status=Enabled
```

Kama ilikuwa imewashwa, nakala za zamani zipo chini ya alama ya kufutwa, tunaiondoa zinarudi. Ukiiwasha leo haifufui za jana.

MpigaPicha_Moshi: Sikuwahi. Basi limebaki la fundi wa diski.

Dada_Njoro: Kaka, mwambie fundi asiiwashe tena hiyo diski mpaka awe na nyingine ya kunakilia. Yangu iliwashwa mara tatu, ya nne haikusoma tena.

FundiSeva: Msikilize dada. Na hiyo `--delete` itoe leo, kabla ya saa nane.