Mama anatua JFK saa ngapi? Fomu imerudishwa

Mwanatanga, New Jersey, 28 Oktoba 2025
Habari zenu ndugu zangu. Mama anaruka kutoka Nairobi Jumamosi tarehe 1 Novemba, saa 23:30, moja kwa moja hadi JFK, mwendo wa saa 15. Nimemwombea kiti cha magurudumu, nikaandika atafika 07:30. Ofisi imerudisha fomu, eti saa haiwiani na ya ndege. Narekebisha hiyo hiyo au nalipa upya?

Kaka wa Baltimore
Dada, hukukosea. 23:30 ongeza 15, Nairobi itakuwa 14:30 Jumapili. Sisi tuko nyuma yao saa 7, toa, unapata 07:30. Warudie, usikubali kuonewa.

Mama Wawili, Queens
Kaka, unampotosha. Saa 7 ni za leo. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, ikifika saa nane, Marekani inarudisha saa nyuma, na mama yuko hewani. Unatoa tofauti iliyopo ndege inapotua, nayo itakuwa 8. Kwa hiyo ni 06:30. Kama huamini, pitia UTC: anaondoka 20:30, anatua 11:30, na New York asubuhi hiyo iko nyuma ya UTC saa 5. Mimi nilimpokea shangazi siku kama hiyo, nikachelewa saa nzima. Nilimkuta kwenye benchi analia, simu haina chaji.

Mzee wa Muscat
Wanangu, mbona mnahangaika? Mie nikitoka Unguja saa nane mchana, mwendo saa tano na nusu, naongeza moja, nafika saa mbili na nusu usiku. Mwaka mzima ni hivyo hivyo.

Mama Wawili, Queens
Shikamoo mzee. Oman na Unguja hawagusi saa zao, ndiyo maana. Huku inabadilika mara mbili kwa mwaka, tena si siku moja na Ulaya. London wamesharudisha tangu tarehe 26.

Kaka wa Baltimore
Nimekuelewa, ila hukuwa na haja ya kunikaripia. Wabunge wao wameshindwa miaka yote kuliondoa jambo hili, tunaoumia ni sisi tunaopokea wazee.

Mwanatanga, New Jersey
Sasa nimeelewa. Wakala wa Nairobi alimwambia mama atafika "saa kumi na mbili na nusu asubuhi". Nikadhani kakosea, nikamsahihisha mimi! Kumbe ndiyo hiyo 06:30. Je, kuhusu malipo?

Mzee wa Muscat
Marahaba binti. Saa kumi na mbili na nusu, kwetu ndio jua linachomoza na mandazi yanatoka mafutani. Mvishe sweta mama yako, na chai ya tangawizi iwe tayari kwenye chupa.