Msaada: video ya mteja imepigwa kleimu na muziki nilipakua kwenye maktaba ya bure

Lenzi_Temeke
Wakuu habari za jioni. Mimi napiga video za biashara ndogo ndogo hapa Dar, juzi nimemaliza kazi ya fundi samani mmoja pale Keko, video ya dakika 3 na sekunde 20, tukaipandisha kwenye chaneli yake ya YouTube. Muziki sikuchukua kihuni, nilipakua Pixabay, na pale wanasema kabisa ruksa kutumia hata kwenye biashara. Leo asubuhi mzee kanipigia anafoka, kapata imeili ya hakimiliki. Kuingia YouTube Studio nakuta kweli, kleimu imeshika kuanzia 0:08 mpaka 2:51, na anayedai sio yule msanii, ni kampuni flani hata siijui. Video haijafutwa ila imeanza kuwekewa matangazo, yaani mtu anafungua aone kabati za mzee anakutana kwanza na tangazo la makochi ya duka jingine, ndo kilichomuudhi zaidi.

Sasa naomba ushauri, niifute nipandishe upya na muziki mwingine au kuna njia? Chaneli yake inaweza kufungwa? Na kama hadi maktaba za bure ziko hivi, nyie mnatoa wapi muziki?

ngoja_waje
Mimi nipo siti ya mbele, wajuzi waje.

DjMbagala
Mkuu tatizo dogo hilo, hukuweka krediti. Andika jina la wimbo na la msanii kwenye maelezo chini ya video, mimi nafanya hivyo siku zote na sijawahi kufutiwa. Na ukitumia ngoma kali ya mtu usizidishe sekunde 10, chini ya hapo ni halali.

Kinanda_Ilala
DjMbagala krediti una haki nusu, nitakuja hapo. Ila ya sekunde 10 waachie vijiwe vya kahawa, hakuna sheria hiyo. Content ID, ile mashine ya YouTube ya kutambua nyimbo zilizosajiliwa, inalinganisha sauti yenyewe, hata kipande kifupi inakidaka, na kupandisha au kushusha spidi ya wimbo haikupi ruhusa usiyokuwa nayo.

Mleta uzi, kwanza usifute kitu. Ulichopata ni kleimu, sio straiki. Straiki ndo mbaya, inakuja pale mwenye haki anapoomba video yako iondolewe kisheria, na zikifika 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa. Kleimu ni mashine imesikia sauti inayofanana na iliyopo kwenye hifadhi yake, basi, na mwenye wimbo kashachagua mapema nini kitokee: aangalie takwimu tu, aweke matangazo achukue hela, au video izuiwe nchi flani au kote. Wa kwako kachagua matangazo. Mwambie mzee chaneli yake iko salama.

Kilichotokea ni hivi. Msanii kaweka wimbo wake Pixabay watu wautumie bure, halafu wimbo huohuo kaupeleka kwa msambazaji auweke kwenye majukwaa ya kusikiliza, na msambazaji akausajili Content ID. Ndo maana jina ulilokuta sio la msanii. Mashine haijui ulipoutoa na haijui una ruhusa, inajua sauti tu. Wala msanii hajavunja kitu hapo, wimbo bado ni wake. Leseni ya bure inakupa wewe ruhusa ya kuutumia, haifuti hakimiliki yake.

Rudi Pixabay kwenye ukurasa wa ule wimbo, nyimbo zilizosajiliwa Content ID huwa wameziwekea alama, na kuna hati ya leseni ya kupakua. Ichukue hiyo. Halafu ingia Studio kwa akaunti ya mzee, fungua video, nenda kwenye maelezo ya kleimu, chagua Dispute, sababu weka License. Pale kwenye maelezo usilie shida wala usiandike kwamba hukukusudia kuiba, andika kavu: jina la wimbo, jina la msanii kama lilivyo Pixabay, linki ya ukurasa, tarehe uliyopakua na yaliyoandikwa kwenye hati. Anayedai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza kleimu inaanguka yenyewe, na wenye leseni halali wengi huachiliwa kabla ya hapo.

Ila hatua hii ni ya mwenye ushahidi mkononi. Ukipinga bila karatasi atakataa, ukikata rufaa akakataa tena anaweza kuomba video iondolewe, na hapo ndo kleimu inageuka straiki.

Lenzi_Temeke
Dah mkuu shukrani sana. Hati kweli ipo, sikuwahi hata kuifikiria. Ila siku 30 mzee hawezi kuvumilia tangazo la makochi, hakuna njia ya leo leo?

Kinanda_Ilala
Ipo. Palepale kwenye kleimu kuna kukata kipande, kuondoa wimbo, au kubadilisha wimbo na kuweka wa YouTube Audio Library. Ukibadilisha, video inabaki na linki ileile na watazamaji walewale na kleimu inaondoka. Angalizo moja, ukichagua kunyamazisha sauti yote basi na maneno ya mzee ya kati ya 0:08 na 2:51 yanaenda na maji, na hata ukiondoa wimbo peke yake mashine sio kila mara inautenganisha vizuri na mtu anayeongea. Kama mzee anaongea juu ya muziki, bora urudi kwenye mradi wako utoe video upya.

MamaVisheti
Jamani na mimi mnisaidie, nauza visheti na kashata Instagram, nilikuwa naweka nyimbo za Bongo vizuri tu, tangu nigeuze akaunti kuwa ya biashara zile nyimbo kubwa sizioni na video moja ya nyuma imezimwa sauti. Nirudishe akaunti ya kawaida?

Kinanda_Ilala
Mama, nyimbo za mule ndani Instagram wamelipia watu watumie kwenye mambo yao binafsi, tangazo la visheti ni biashara, kwa hiyo akaunti za biashara wanazibania. TikTok hivyohivyo, akaunti ya biashara inapewa Commercial Music Library peke yake. Ukirudisha akaunti nyimbo utaziona lakini bado unauza visheti kwa wimbo wa mtu. Meta wana maktaba yao inaitwa Sound Collection, ni bure na biashara ruksa, mwisho wake ni Facebook na Instagram, usiupeleke YouTube.

DjMbagala
Sawa kaka, sasa krediti nusu yake nini? Maana mimi inanifanyia kazi.

Kinanda_Ilala
Inafanya kazi pale leseni yenyewe inapodai krediti. Ukiingia YouTube Audio Library utaona nyimbo nyingine hazina sharti lolote, nyingine zina alama ya Creative Commons na maandishi ya kunakili kabisa uyaweke kwenye maelezo, hizo ni CC BY, ukiacha krediti umevunja leseni. Lakini ukichukua ngoma ya msanii wa redioni ukamtaja jina umejitangaza tu kwamba unajua ni ya nani.

Na hizi Creative Commons msiishie kuona CC mkafurahi, tazameni herufi za nyuma. CC BY-NC biashara hairuhusiwi. CC BY-ND inakataza kuugeuza wimbo, na hapa ndo wengi wanaingia mtaroni, wanadhani kwa kuwa hawajaukata wimbo hawajaugeuza, kumbe kwa masharti ya Creative Commons kuuoanisha wimbo na picha zinazotembea tayari ni kuugeuza, kwa hiyo ND haiwekwi kwenye video hata ukiupiga mwanzo mwisho. BY-SA unaweza, ila video yako nayo lazima uitoe kwa leseni ileile, yaani mtu mwingine aruhusiwe kuichukua na kuitumia. Fundi wa Keko atakubali hilo? Mimi kwa kazi za wateja nachukua CC BY tu, au CC0 ambayo haina sharti lolote.

Bi_Hesabu
Kwenye NC naomba kupinga kidogo. Kama chaneli haiingizi hela na video inaonyesha tu jinsi fundi anavyotengeneza kabati, hajataja bei wala namba ya simu, hiyo biashara iko wapi?

Kinanda_Ilala
Leseni inaangalia matumizi yamelenga faida ya kibiashara au la, sio kama YouTube wanakulipa. Na Lenzi kalipwa kuipiga. Mimi naiona ni biashara.

Bi_Hesabu
Kulipwa kwa mpiga video na lengo la video ni vitu viwili. Bado sijashawishika.

ProdaTandika
Mimi kesi yangu inafanana. Nilinunua biti mtandaoni, leseni ya kawaida ambayo watu wengi wanauziwa biti hiyohiyo, nikaimba, nimepandisha wimbo wangu mwenyewe nikapigwa kleimu na msanii wa nchi nyingine kabisa. Nimelipa hela yangu!

Kinanda_Ilala
Mwenzio alinunua biti hiyohiyo akausajili wimbo wake Content ID, mashine ikasikia biti ikadhani wewe ndo umemchukulia. Leseni za biti za wengi kwa kawaida zinakataza usajili huo, sababu ndo hii. Pinga na risiti na leseni yako, mjulishe na aliyekuuzia biti ambane. Na wewe wa kwako usiusajili.

Lenzi_Temeke
Nimeshatuma Dispute na hati, mzee kakubali kusubiri wiki. Sasa za kulipia kama Epidemic Sound na Artlist zina maana? Na mteja mwingine wa Sinza anataka singeli kabisa, huko maktaba haipo.

Kinanda_Ilala
Za kulipia zinakuondolea usumbufu wa kleimu. Epidemic Sound unaunganisha chaneli, video zinazopandishwa humo zinapita, na ulizopandisha wakati umelipia zinabaki salama hata ukiacha kulipa. Ila chaneli ni ya mteja, sio yako, kwa hiyo kabla ya kulipa soma kama mpango unaochukua unaruhusu kazi za wateja, ule wa bei ya chini mara nyingi ni wa mtu na chaneli zake.

Singeli itabidi umtafute mwenyewe, na wenyewe ni wawili, mwenye utunzi na mwenye ile rekodi, mara nyingi msanii na prodyuza wake. Mtu akikwambia kata kibali cha baa au hoteli, hicho ni cha kupiga muziki hadharani, hakikupi ruhusa ya kuuweka kwenye video. Andikeni karatasi moja: wimbo gani, video gani, chaneli zipi, kwa muda gani, matangazo ya kulipia yamo au hayamo, kiasi gani, wote wawili wasaini. Halafu muulize nani anasambaza nyimbo zake, kwa sababu hata kama mmekubaliana na mmepeana mikono, msambazaji hajui na mashine itakukamata vilevile. Msanii amwandikie msambazaji aiweke chaneli ya mteja kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, na hela yote usiitoe mpaka uipandishe video kwa kuificha kwanza na ukaguzi wa hakimiliki wa YouTube upite.

Lenzi_Temeke
Hiyo ya kubakiza hela naichukua. Prodyuza yuko Manzese, kesho naenda.