Naomba ushauri: mteja anataka dawa na blichi siku moja

Habari zenu wapendwa. Nina saluni ndogo, na nina dada mmoja ambaye ni mteja wangu wa miaka 5. Ndiye aliyeniletea nusu ya wateja nilionao. Jumamosi ana sendoff ya mdogo wake, anataka nimpake dawa ya kulainisha nywele kisha blichi awe na rangi ya dhahabu, yote siku hiyohiyo.

Dawa alipaka wiki 4 tu zilizopita. Juzi amefumua rasta, na kichwani ana vidonda vya kujikuna. Nilichukua nywele chache nikazilowesha na kuzivuta: zilirefuka kama mpira, zikakatika. Blichi hapo zitang'oka mkononi, na ngozi itaungua.

Nilimwambia tusubiri vidonda vipone na nywele mpya ziote, angalau wiki 8 tangu dawa ya mwisho. Akanuna, akasema saluni nyingine watampaka. Hilo linaniuma, maana kweli wapo watakaompaka.

Nimrudieje bila kumfanya aone namdharau? Na nikimpa wigi la rangi hiyo kwa bei ya kununulia, litafaa juu ya vidonda hivyo au nimpe kilemba?